Simu ya laini mbili: ujumbe wa kujituma unakata salio la laini ambayo sikuichagua

#1 Mwalimu wa Jioni

Habari za wakati huu, wakuu. Ninafundisha masomo ya ziada jioni, na kwenye simu yangu ya Android nimeweka programu ya kupanga kazi ambayo huwatumia wazazi ujumbe wa kuwakumbusha ratiba na ada bila mimi kuandika kila mara. Simu ina laini mbili. Laini ya kwanza ni ya kupigia na huwa na salio la kawaida tu, ilhali laini ya pili ndiyo ninayoinunulia kifurushi cha SMS.

Kwenye mipangilio ya simu nimechagua laini ya pili iwe ya SMS, na ndani ya programu nilichagua laini ya pili vilevile. Hata hivyo salio la laini ya kwanza linapungua saa zilezile ambazo ujumbe hutoka. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba haitokei kwa ujumbe wote, kwa kuwa upo unaotumia kifurushi kama inavyotakiwa. Je, simu inajiamulia, au kampuni ya simu inanikata kimakosa?

#2 Chungu cha Tatu

Mwalimu, jibu ni rahisi. Mtandao wa laini ya pili ukidhoofika, simu huhamia laini yenye mtandao mzuri ili ujumbe usikwame. Simu za siku hizi zina akili hiyo. Ndiyo maana kuna ujumbe unaokatwa huku na mwingine kule. Ukizima kipengele cha kubadili laini kiotomatiki, shida itakwisha.

#3 Fundi Mkimya

Ndugu Chungu, kipengele unachokisema kipo, lakini kwa kawaida kinahusu intaneti na si SMS. Laini ya data ikilegea, simu inaweza kuazima data ya laini ya pili. Ujumbe mfupi haufanyiwi hivyo na Android yenyewe: ukishapewa laini fulani na mtandao ukakosekana, hushindwa kutumwa na programu huambiwa kwamba umeshindwa. Baada ya hapo programu ndiyo inayoamua kama itajaribu tena, na kwa laini ipi.

Mwalimu, kabla hatujabashiri zaidi, naomba utujibu mambo mawili. Je, kuna laini yoyote iliyowahi kubadilishwa au kutolewa kwenye simu hiyo tangu ulipopanga kazi hizo? Na je, kazi zote zilipangwa wakati mmoja, au nyingine uliziongeza baadaye?

#4 Kipepeo wa Kusi

Mimi naona tuangalie kwanza urefu wa ujumbe. Ujumbe mmoja wa herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hubeba 153 kwa sababu nafasi nyingine hutumika kuviunganisha. Ukiingiza alama moja tu iliyo nje ya orodha ya kawaida, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo na kubaki na nafasi 70, au 67 kwa kila kipande ukiwa mrefu.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu hapa. Ile alama ya juu katika «ng'ombe» au «ng'ambo» ikiwa imenyooka haina tatizo. Ikiwa ile iliyopinda, ambayo kibodi nyingine huiweka zenyewe bila kukuuliza, ujumbe wa herufi 150 ambao ungekatwa mmoja hukatwa kama vipande vitatu. Nilipata kumsaidia mtu aliyedhani anaibiwa kifurushi, kumbe kila ukumbusho wake ulikuwa na neno «kung'oa» lenye alama iliyopinda.

#5 Chungu cha Tatu

Kipepeo, aliyeuliza anasema laini siyo ndiyo inayokatwa, wewe unamhesabia herufi. Ng'ombe ameingiaje humu?

#6 Kipepeo wa Kusi

Ameingia kwa mlango uliouacha wazi wewe kwa hadithi ya simu zenye akili. Kifurushi kikiisha mapema kuliko mtu anavyotarajia, huanza kutafuta kosa mahali pengine. Sijasema kwamba hiyo ndiyo sababu pekee.

#7 Mwalimu wa Jioni

Nawashukuru. Kifurushi hakijaisha, nimehakikisha. Taarifa ya matumizi ya laini ya kwanza inaonyesha SMS zilizotoka jioni, na kampuni ya simu imesisitiza kwamba zilitoka kwenye laini hiyo kweli.

Kuhusu maswali ya Fundi: ndiyo, kadi ya laini ya pili iliharibika nikapewa nyingine, lakini namba ya simu ni ileile na niliirudisha kwenye tundu lilelile, kwa hiyo sidhani kama inahusika. Kazi nyingi nilizipanga mwanzoni, na chache za wanafunzi wapya nimeziongeza baada ya hapo.

#8 Fundi Mkimya

Inahusika sana, Mwalimu, tena nadhani umeshatupa ufunguo wenyewe.

Android haiitambui laini kwa namba ya simu, wala kwa tundu ilimokaa. Kila kadi inayoingia kwenye simu kwa mara ya kwanza hupewa namba ya ndani, na namba hiyo hufungamanishwa na namba ndefu iliyochapwa kwenye kadi yenyewe. Ukiihamisha kadi kutoka tundu moja kwenda jingine, namba ya ndani huifuata. Ukileta kadi mpya, hata kama namba ya simu ni ileile, kwa simu huyo ni mgeni na atapewa namba inayofuata. Kwa hiyo katika simu kama yako ningetarajia laini ya kwanza iwe 1, kadi ya pili iliyoharibika iwe 2, na kadi uliyopewa badala yake iwe 3.

Sasa rudi kwenye programu yako. Kioo kinakuandikia «SIM 2», lakini kilichohifadhiwa ndani ya kazi uliyoipanga huenda ni ile 2 ya kadi iliyokwisha kutupwa. Saa ya kutuma inapofika, programu inaitafuta laini namba 2 na haiioni. Hapo mwandishi wa programu alikuwa na njia mbili: kuacha ujumbe ushindwe na kukujulisha, au kuchukua laini yoyote iliyopo, na mara nyingi inayochukuliwa ni ya kwanza kwenye orodha. Kazi ulizoziongeza baada ya kubadilisha kadi zimehifadhi 3, na ndiyo maana zinatumia kifurushi vizuri.

Kama unaweza kuiunganisha simu na kompyuta yenye zana ya `adb`, na umeruhusu utatuzi wa USB kwenye simu, amri hii itakuonyesha kila ujumbe uliotoka ulipita kwa namba ipi ya ndani:

```
adb shell content query --uri content://sms/sent --projection _id:sub_id
```

Na hii itakuambia namba ya laini uliyoichagua kwenye mipangilio ya simu kuwa ya SMS:

```
adb shell settings get global multi_sim_sms
```

Asiye na kompyuta afungue mazungumzo na mzazi mmoja kwenye programu ya ujumbe. Katika simu nyingi za laini mbili jina la laini huandikwa chini ya kila ujumbe uliotoka, au huonekana ukiubonyeza kwa muda na kufungua maelezo yake.

#9 Mama Daftari

Samahani nikiingilia. Mimi natumia iPhone yenye laini mbili na shida yangu inafanana na hii. Nilipoweka laini mpya nilikatwa gharama ya SMS kabla sijaandika ujumbe wowote, na kwenye orodha ya ujumbe hakuna kitu. Je, nami nitafute namba ya ndani?

#10 Nahodha Mstaafu

Dada, yako ni tofauti. iPhone hutuma SMS ya kimyakimya ili kuisajili namba yako kwenye iMessage na FaceTime, na Apple wenyewe husema kwamba kampuni ya simu inaweza kukutoza kwa ujumbe huo. Haionekani kwenye mazungumzo. Fungua mipangilio ya iMessage na ya FaceTime uone ni namba zipi zimewekewa alama. Kama hutaki laini mpya itumike huko, iondolee alama.

Fundi, maelezo yako ya namba ya ndani nayakubali. Mimi huandika programu za namna hii. Kosa ninalolikuta kwa wenzangu mara nyingi zaidi ni mtu kuchukua namba ya tundu na kuipeleka mahali panapotakiwa namba ya ndani. Tundu huhesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo tundu la pili ni 1. Namba za ndani kwa kawaida huanzia 1. Anayemaanisha tundu la pili akaandika 1 atakuwa ameiita laini ya kwanza. Njia salama ni kuuliza kila mara kabla ya kutuma:

```
for (SubscriptionInfo s : sm.getActiveSubscriptionInfoList())
    if (s.getSimSlotIndex() == 1) subId = s.getSubscriptionId();
```

Kisha ujumbe upitie kwa `subId` hiyo, na ikikosekana, kazi isimame. Orodha hiyo haipatikani bila ruhusa ya `READ_PHONE_STATE`. Mtumiaji akiinyima programu ruhusa hiyo, akakubali ile ya kutuma SMS peke yake, programu nyingine huendelea kutuma kwa laini ya kawaida bila kusema neno.

Ninapotofautiana nawe ni kumtupia lawama zote mwandishi wa programu. Katika matoleo ya zamani ya Android, ukiitaja namba ya ndani ambayo haipo tena, mfumo wenyewe ulikuwa ukiangukia tundu la kwanza. Matoleo ya baadaye hurudisha kosa. Mwalimu hajatuambia simu yake ni ya toleo gani.

#11 Fundi Mkimya

Sawa, Nahodha, lakini kwa mtumiaji matokeo ni yaleyale: ujumbe unatoka kwa laini ya kwanza, na dawa ni kuifungua kila kazi na kuichagua laini upya. Kuhusu nani wa kulaumiwa, kila mmoja abaki na lake.

#12 Mwalimu wa Jioni

Nimeazima kompyuta na nimefanya kama ulivyoelekeza, Fundi. Amri ya pili imenijibu `3`. Amri ya kwanza imeleta orodha ndefu, na sehemu yake iko hivi:

```
Row: 0 _id=812, sub_id=3
Row: 1 _id=811, sub_id=1
Row: 2 _id=810, sub_id=1
Row: 3 _id=808, sub_id=3
```

Hiyo 811 na 810 ni ya wazazi wa zamani, ambao kazi zao nilizipanga mwanzoni. Ile 812 na 808 ni ya wanafunzi wapya. Hakuna 2 hata moja kwa ujumbe wa karibuni, ila nikishuka chini kwenye ujumbe wa kabla ya kadi kuharibika nazikuta nyingi.

#13 Fundi Mkimya

Basi sehemu kubwa ya jambo imejionyesha. Mipangilio ya simu inasema 3, ambayo ni kadi yako mpya ya kifurushi, kwa hiyo huko hakuna kosa. Kama programu ingekuwa inarudi kwenye laini iliyochaguliwa na simu pale inapoikosa 2, ujumbe wa wazazi wa zamani nao ungeandikwa 3. Umeandikwa 1. Maana yake kazi hizo zinapelekwa kwenye laini ya kwanza bila kupitia mipangilio yako kabisa, awe anayezipeleka ni programu au ni mfumo, kama Nahodha anavyoshuku.

Ifungue kila kazi ya zamani, chagua laini ya kwanza, hifadhi, kisha rudi uchague ya pili na uhifadhi tena. Zunguko hilo lina sababu: kioo tayari kinaonyesha «SIM 2», na programu nyingine haziandiki upya kitu ambacho zinaona hakijabadilika.

#14 Chungu cha Tatu

Nauliza kwa nia njema. Kwa nini mtu ahangaike na kazi moja moja? Si aweke «Uliza kila wakati» kwenye mipangilio ya simu, kisha akachagua mwenyewe?

#15 Nahodha Mstaafu

Kwa mtu anayeandika kwa mkono ni sawa. Kwa ujumbe unaojituma hakuna mtu wa kuulizwa, maana simu iko mfukoni na kioo kimezimwa. Ukiweka hivyo, programu isiyotaja laini hukosa maelekezo, na maelezo ya Android yanaonya kwamba ujumbe wa namna hiyo unaweza kupelekwa kwenye tundu la kwanza. Kwa Mwalimu, tundu la kwanza ndilo lenye laini ya salio. Ungekuwa umeieneza shida kwenye kazi zote.

Jambo linalokaribiana na hilo ni laini moja kuzimwa au kutolewa kwa muda. Simu ikibaki na laini moja hai, huifanya hiyo kuwa ya kila kitu, SMS zikiwemo. Ya pili ikirejea, chaguo lako la awali huenda lisirudi. Mwenye tundu la kadi lililolegea anaweza kukumbwa na hili bila kugusa mipangilio, kwa hiyo aikague kila anapoona arifa ya kadi kuondolewa au kuingizwa.

#16 Kibuyu Kipya

Mimi natuma kwa Termux, si kwa programu ya vitufe. Naandika `termux-sms-send -s 2 -n` na namba ya mpokeaji, na hakuna kinachotoka wala hakuna kosa linaloandikwa. Laini ya pili ina mtandao na kifurushi.

#17 Nahodha Mstaafu

Andika `-s 1`. Hapo kinachotakiwa ni namba ya tundu, nayo huanzia 0, kwa hiyo 2 ni tundu ambalo simu yako haina. Maelezo ya amri hiyo yanasema wazi kwamba hushindwa kimya tundu likiwa si sahihi, au ruhusa ya `READ_PHONE_STATE` ikikosekana. Hilo la kushindwa kimya linaudhi, lakini afadhali hilo kuliko kupitia laini nyingine na kukutoza. Usiiache `-s` kabisa, kwa kuwa hapo itafuata mipangilio ya simu, na mambo ya #15 yatakuhusu.

#18 Mwalimu wa Jioni

Nimezirekebisha kazi zote za zamani kwa zunguko la Fundi, na kwenye orodha sasa ujumbe wa ukumbusho wote unaandikwa 3. Ahsanteni.

Limebaki jambo moja. Salio la laini ya kwanza limeendelea kupungua, ingawa kwa kiasi kidogo, na ni siku za masomo tu. Siku nisizofundisha halipungui.

#19 Mama Daftari

Labda ni ule ujumbe wa kimyakimya kama wangu.

#20 Nahodha Mstaafu

Inawezekana, Dada, kwa sababu hata kwenye Android zipo programu zinazothibitisha namba kwa kutuma SMS kutoka kwenye simu, na nyingine hurudia kila zinapohisi kadi imebadilishwa. Lakini sioni kwa nini zingojee siku za masomo.

#21 Kipepeo wa Kusi

Mwalimu, ukiwa darasani na simu ikaita, unafanyaje? Nauliza kwa sababu ukikataa simu kwa ile njia ya kujibu kwa ujumbe uliokwisha kuandikwa, kama «Nitakupigia baadaye», katika Android ya kawaida jibu hutoka kwa laini iliyopigiwa, wala halifuati laini uliyoichagua kwa SMS. Laini yako ya kwanza ndiyo ya kupigia. Kila unapomkataa mtu kwa ujumbe, salio hilo ndilo linalolipa.

#22 Mwalimu wa Jioni

Ninakataa kwa njia hiyo mara kwa mara, ndiyo. Ila nimewahi kuona salio limepungua jioni ambayo sikumbuki kupigiwa na mtu.

#23 Chungu cha Tatu

Basi tunarudi kwenye mtandao dhaifu. Ninayo simu ambayo mtengenezaji wake ameweka kipengele cha kujaribu tena ujumbe kwa laini nyingine, na nimekiona kwa macho yangu. Msiniambie hakipo.

#24 Fundi Mkimya

Sikusema hakuna mtengenezaji aliyewahi kukiongeza. Nilisema Android yenyewe haifanyi hivyo. Kama kimo kwenye simu ya Mwalimu, kitaonekana kwenye ukurasa wa mipangilio ya laini, na ujumbe uliohamishwa ungetakiwa kuonekana kwenye orodha ukiwa na `sub_id=1`. Mwalimu anasema ukumbusho wote sasa ni 3.

Mwalimu, tusikisie. Iendeshe tena amri ya kwanza, safari hii mwishoni, badala ya `_id:sub_id`, uandike `date:address:sub_id`, kisha uzitenge zenye 1 peke yake. Saa zitatoka kama namba ndefu za milisekunde ambazo utazigeuza. Zilinganishe na taarifa ya kampuni ya simu. Makato yenye mwenzake kwenye orodha yatakuwa ya majibu ya kukataa simu au ya kazi uliyoisahau. Yasiyo na mwenzake yanaelekea kwenye SMS za kuthibitisha namba, na hapo mpokeaji kwa kawaida ni namba fupi.

#25 Mwalimu wa Jioni

Taarifa niliyopewa ina saa na kiasi, haina namba ya mpokeaji. Nimeomba yenye wapokeaji na nimeambiwa nisubiri. Kipengele anachokisema Chungu nimekitafuta kwenye ukurasa wa laini na sijakiona, ila majina ya mipangilio ya simu hii ni ya ajabu.

#26 Kipepeo wa Kusi

Wakati unasubiri, fungua kumbukumbu ya simu zilizoingia na uangalie zilizokataliwa siku za masomo, ukizilinganisha na saa za makato. Na yale maneno ya kukataa simu unaweza kuyahariri kwenye mipangilio ya programu ya kupigia. Yakague na hayo, maana kama uliyaandika mwenyewe na kuna alama iliyopinda ndani, jibu moja linaweza kukatwa kama mawili.

#27 Chungu cha Tatu

Ng'ombe amerudi.